Dakika ishirini za bei ya kilo: nilivyoeleza kwenye kikoba chetu

Kikoba chetu hukutana Jumamosi jioni, Tandika. Niliomba dakika 20 kati ya kuhesabu hisa na kugawa mikopo, maana mikopo ikishaanza hakuna anayesikiliza kitu kingine. Siku tatu kabla nilituma ujumbe kwenye kundi letu la simu: kila mmoja aje na pakiti tupu ya sabuni ya unga aliyonunua wiki hiyo, na juu yake aandike kwa maka peni bei aliyolipa. Nilichagua sabuni ya unga kwa sababu kila nyumba inayo, na inauzwa kuanzia kipakiti cha mia tatu hadi mfuko wa kilo tano. Ukianza na sukari ya kupima utaishia kubishana mizani ya Mangi, na muda utakuwa umekwisha.

Nilizipanga pakiti mkekani na kuwaambia watafute uzito tu, si bei. Hapo peke yake zilikwenda dakika tano. Uzito huandikwa kwa herufi ndogo, mara nyingi chini au nyuma karibu na mshono, na wengine walisoma namba ya toleo wakidhani ndiyo uzito. Dawa yake ni kutafuta namba iliyofuatwa na g au kg. Kama hakuna herufi hiyo, hiyo siyo namba unayoitaka.

Kisha tukatoa simu. Hesabu ni moja: bei gawanya kwa gramu, zidisha kwa elfu moja, unapata bei ya kilo. Kipakiti cha gramu 45 kwa shilingi 300 kinapigwa hivi:

300 ÷ 45 × 1000 = 6,667

Nilisubiri kila mtu aipate hiyo namba ndipo tuendelee. Wawili walipata 150. Walikuwa wameanza na gramu, 45 ÷ 300, na hiyo inakupa gramu unazopata kwa shilingi moja, si shilingi unazolipa kwa gramu. Shida yake ni kwamba ukilinganisha pakiti kwa njia hiyo, namba kubwa ndiyo nafuu, kinyume kabisa na tunavyotaka, kwa hiyo utachagua ghali ukiamini umepata nafuu. Utaligundua kosa mapema: ukishagawanya, kabla ya kuzidisha, jibu la sabuni linapaswa kuwa shilingi kadhaa. Ukiona sifuri nukta kitu, geuza.

Tukapiga pakiti nyingine za chapa ileile. Gramu 180 kwa shilingi 1,000 ilitoa 5,556 kwa kilo. Nusu kilo kwa 2,900 ilitoa 5,800. Kilo nzima kwa 5,200, hiyo haihitaji hesabu. Mama mmoja alirudia nusu kilo mara mbili akidhani simu imekosea: "Yaani hii kubwa ni ghali kuliko hii ya buku?" Ndivyo ilivyokuwa. Pakiti ya kati ilikuwa ghali kuliko ya chini yake. Hutokea hivyo pale saizi moja inaposukumwa kwa bei ya kuvutia kama shilingi 1,000 kamili, au duka linapouza mzigo mpya pembeni ya mzigo wa zamani. Kwa hiyo kanuni ya "kubwa ndiyo nafuu" usiitegemee, piga hesabu.

Kwenye chapa tofauti mtego ni mwingine. Kulikuwa na pakiti ya chapa ya pili, ndefu na nene sawa na ile ya kilo, bei 4,600. Karibu wote walisema hiyo ndiyo nafuu, imepungua mia sita. Tukaigeuza: gramu 850. Gawanya 4,600 kwa 850, zidisha kwa elfu, unapata 5,412. Kwa kilo ilikuwa ghali zaidi ya shilingi 200 kuliko ile ya 5,200.

Mwekahazina wetu aliuliza swali zuri: je, kama hii ya 850 inatoa povu zaidi na unatumia kidogo? Ni kweli, bei ya kilo haijui ubora. Ila povu si kipimo cha usafi, na vijiko navyo hudanganya, kwa sababu kijiko cha unga mwepesi kina gramu chache kuliko cha unga mzito. Nilimwambia afue kama kawaida mpaka kilo iishe, akiweka alama ukutani kila anapofua beseni moja, kisha afanye hivyo kwa chapa ya pili. Bei ya pakiti gawanya kwa idadi ya mabeseni. Hapo ndipo atajua.

Mafuta ya kupikia niliyaweka mwisho kwa makusudi. Nilikuwa na chupa mbili za alizeti: moja imeandikwa 900 ml kwa shilingi 5,900, nyingine 900 g kwa shilingi 6,100. Namba ni ileile 900, kwa hiyo ya kwanza inaonekana nafuu. Lakini mafuta ni mepesi kuliko maji, ndiyo maana huelea juu ya mchuzi. Lita moja ya maji ni kilo moja. Lita moja ya alizeti ni kama gramu 910. Basi mililita 900 ni kama gramu 820, na 5,900 kwa gramu 820 ni karibu 7,200 kwa kilo. Ya pili ni 6,778. Ukikuta chupa zote ni za mililita, zilinganishe kwa lita na usijisumbue. Badilisha pale tu moja inaposema ml na nyingine g.

Muda ulibaki kidogo, tukaingia kwenye jambo walilolitaka wenyewe. Anayelipwa kwa siku anajua kipakiti ni ghali, ila mkononi ana mia tano. Mfuko wa kilo tano ulikuwa 24,000, yaani 4,800 kwa kilo. Watu watano wakichanga 4,800 kila mmoja, mmoja wao analipa chini sana ya 6,600 ya vipakiti 22, ambavyo navyo havifikii kilo kwa gramu kumi.

Ugomvi huanzia kwenye kugawa. Tulikuwa na mizani ya jikoni na makopo ya plastiki yenye uzito wa gramu 90 kila moja. Ukijaza mpaka mizani isome 1,000 bila kutoa kopo, umempa mtu gramu 910 tu, na watu watano wakishapata, gramu 450 zitabaki mfukoni kama ziada. Si ziada, ni sabuni yao. Weka kopo tupu kwanza, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, ndipo umimine. Kama mizani haina kitufe, jaza mpaka isome 1,090. Makopo yawe makavu na yafunikwe siku hiyohiyo, kwa sababu kwa unyevu wa Dar unga ulioachwa wazi hunyonya maji na kushikana mabonge.

Katibu sasa anaandika kwenye daftari safu tatu: bei, gramu, bei ya kilo. Nilisisitiza ya gramu isirukwe. Pakiti ya 180 ikirudi sokoni ikiwa na 160 kwa shilingi 1,000 ileile, bei ya kilo itakuwa imepanda kutoka 5,556 hadi 6,250, na kwenye safu ya bei pekee hakuna atakayeliona.