Siku moja maishani mwangu, halafu nina mpango wa wiki 8 nataka tuugawane

Mambo mwenzangu, jana uliniuliza muda wa kusomea mtihani wetu wa uhasibu naupata wapi na kazi hii, nikaona bora nikuandikie siku yangu ya leo yote ilivyokwenda, mpango ninaokuletea umetoka humo humo.

Saa 11 alfajiri. Nimekaa na swali la hesabu za kundi la kampuni, maksi 10, taima mezani. Mtihani wetu ni masaa 3 kwa maksi 100, yaani dakika 1.8 kwa kila maksi, kwa hiyo swali hili lilikuwa na dakika 18 tu. Nimelimaliza kwa dakika 31 na bado nikalikosa. Kampuni tanzu imeiuzia kampuni mama bidhaa za 60,000, faida ni 25% juu ya gharama, na theluthi moja ya hizo bidhaa bado ipo kwenye stoku ya mama mwisho wa mwaka. Mimi nikakimbilia 25% ya 60,000 nikapata 15,000, theluthi yake 5,000, nikaendelea na maisha.

Saa 2 asubuhi, kazini. Tunafunga mwezi wiki hii, kwa hiyo asubuhi yote ni usuluhishi wa benki na kufukuzia hundi ambazo hazijapita. Hapa kusoma hakuna, nisikudanganye. Ndiyo maana kwenye mpango wiki ya 4 nimeiacha nyepesi kabisa, inaangukia ufungaji wa mwezi ujao na wewe pia unajua huwa tunatoka saa ngapi. Mara ya kwanza nilipofanya mtihani nilijipangia kila wiki sawasawa, ufungaji wa mwezi ukaja, nikabaki nyuma mada mbili na sikuzifikia tena mpaka siku yenyewe.

Saa 7 mchana. Dakika 20 za kurudia lile swali na majibu pembeni. Faida ikiwa juu ya gharama, gharama ndo 100 na bei ya kuuza ni 125, kwa hiyo faida ni 60,000 mara 25 gawanya kwa 125, inakuja 12,000, na theluthi ni 4,000. Hiyo 4,000 inatoka kwenye stoku ya kundi, maana bidhaa zake bado hazijauzwa nje ya kundi. Halafu kuna la pili ambalo hata sikulifikiria, aliyeuza ni tanzu, na mama anamiliki 80%, kwa hiyo pungufu la faida linagawanywa, 3,200 kwa wenye kampuni mama na 800 kwa wanahisa wachache wenye ile 20% ya tanzu. Angeuza mama, 4,000 yote ingemkalia yeye. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza ni nani kauza, kabla hata ya kugusa kikokotoo.

Hili kosa nimelifanya mara 3 mwezi huu na peke yangu sikuwa naliona. Mtu akisahihisha kazi yake mwenyewe anajihurumia, anasema aah hapa nilijua, anajipa maksi.

Saa 12 jioni, njiani narudi, ndo nimeupanga hivi. Kila mmoja wetu lisaa 1 kila alfajiri siku 5, Jumamosi masaa 3, na Jumatano usiku lisaa 1 kwenye simu pamoja, hiyo ni masaa 9 kwa wiki, isipokuwa wiki ya 4 ambayo ni masaa 3 tu ya kurudia makosa. Jumla 66 kila mtu. Wiki ya 1 na 2 hesabu za kundi maana ndo zinatuumiza wote, ya 3 ukodishaji na mapato ya mikataba, ya 5 mtiririko wa fedha, ya 6 uchambuzi wa taarifa, ya 7 mitihani miwili mizima ya masaa 3, na ya 8 hakuna mada mpya, ni daftari la makosa tu.

Saa 2 usiku. Hili ndo ninalolitaka zaidi ya ratiba yenyewe: tubadilishane majibu. Kuanzia wiki ya 1, si tukimaliza silabasi, kila Jumamosi unaniandikia jibu moja kwa taima, unapiga picha, mimi nasahihisha na wewe unasahihisha langu. Pembeni ya kila kosa tuweke herufi moja, K kama kanuni huijui, S kama hukusoma swali vizuri, M kama muda umekuishia. Dawa zake ni tofauti, K unarudi kitabuni, S unapigia mstari maneno kama "juu ya gharama" kabla hujaandika, M unaruka swali dakika zake zikiisha hata kama mizania yako haijalingana, maana maksi za hatua zako unapewa hata jumla ikigoma.

Kama unakubali niambie kesho, nikutumie lile swali la alfajiri ulifanye Jumamosi kwa dakika 18, namba nitazibadilisha na safari hii atakayeuza ni mama.