Koti la Maskati: nilivyolifufua tukio la kuchekesha lililopooza

Katika mswada wangu wa riwaya kuna sura ya posa. Mjomba Shebe, mshenga, anakwenda kwa wazazi wa binti huko Pangani akiwa amevaa koti aliloazima kwa fundi cherehani. Kumbe koti ni la baba wa binti, alilipeleka kutiwa kiraka. Nilipokuwa naandika nilicheka peke yangu. Nilipomsomea dada yangu, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama posa ilikubaliwa.

Kilele nilikuwa nimekiandika hivi: “‘Koti hilo ni langu, nililipeleka kwa fundi akaniambia nitalipata Alhamisi!’ alisema baba wa binti kwa mshangao mkubwa, na watu wote wakaangua kicheko.” Halafu Mjomba anakurupuka, anateleza kwenye mkeka, anamwaga sinia la halua.

Niliisoma tena usiku kwa sauti, polepole, ndipo nikaona. Baba wa binti anaeleza jambo lote mwenyewe, msomaji habakiziwi la kugundua. Tena wale waliomo barazani wanacheka kwa niaba yake. Na kule kuteleza hakumhusu Mjomba Shebe hata kidogo. Mkeka humwangusha yeyote.

Nikaanza na Mjomba. Niliandika kando ya ukurasa jambo moja analoliogopa kuliko yote: kuonekana hana. Mtu wa namna hiyo akivaa koti la kuazima hawezi kunyamaza nalo. Lazima alisifie, hata asipoulizwa. Basi nikampa maneno: koti limetoka Maskati, ameletewa na mtu wa jahazi. Sasa kila anachosema kinamzidishia deni ambalo hajui kuwa anadaiwa.

Kisha nikahitaji msomaji awe ameshasikia habari ya Alhamisi kabla haijafika. Mara ya kwanza niliiweka mistari miwili tu kabla ya kilele, na dada yangu akatabasamu mapema mno. Nikaisogeza juu, pale wageni wanapokaribishwa, nikaifunika kwa malalamiko mengine: baba wa binti analalamikia bei ya samaki, paa la msikiti linalovuja, na mafundi wa siku hizi wanaokuahidi Alhamisi kila wiki. Jirani niliyemsomea toleo hilo aliuliza, “Alhamisi gani?” Nilikuwa nimeificha mno. Nikaongeza maneno mawili tu, “koti langu,” na ikatosha.

Kilichonisumbua zaidi ni mwendo wa sentensi. Kiungo cha -ka- kina mbio: akaketi, akanyoosha mkono, akapokea, akanywa. Tukio lote nililiandika hivyo, kwa hiyo kilele kilipita kama basi lisilosimama kituoni. Ukurasa hauna msemaji wa kunyamaza na kuwatazama watu, kwa hiyo ukimya inabidi uutengeneze kwa kitendo. Nikachukua kahawa. Mjomba anapoinua mkono kupokea kikombe, kwapa la koti linafunguka na kiraka kinaonekana. Hapo nikaziacha mbio za -ka-, nikakata sentensi fupi fupi:

“Baba wa binti alikuwa bado ameshika birika. Kahawa ilijaa kikombe. Ilifurika. Hakuitazama.

‘Limetoka Maskati, umesema?’

‘Maskati, naam.’

‘Mimi fundi aliniambia Alhamisi.’”

Neno Alhamisi sasa ndilo la mwisho. Likifuatiwa na chochote, hata “alisema”, linapoa. Mshangao nimeufuta, kicheko cha watu nimekifuta.

Ikabaki Mjomba afanye nini. Kukimbia kungekuwa kukiri, na mtu huyu hakiri. Nilikaa na swali hilo siku mbili, nikimuuliza yeye badala ya kutafuta kituko. Mwishowe akalivua, akalikunja kwa adabu, akapangusa bega lake kwa kiganja, akalikabidhi kwa mikono miwili: “Nimelileta mwenyewe, sheikh. Vijana wa kutumwa siku hizi hawaaminiki.”

Safari hii sikumwambia dada yangu kwamba ni sehemu ya kuchekesha. Nilikuwa nimemwambia mara ya kwanza, na kosa hilo nalo liliharibu kipimo. Nilisoma kwa sauti ya kawaida, penseli mkononi, nikitia alama kila uso wake ulipobadilika. Kwenye kahawa kufurika aliacha kuchambua mchele. Kwenye Alhamisi alifunika mdomo kwa upande wa kanga. Maneno ya mwisho ya Mjomba nilishindwa kuyasikia mwenyewe kwa kicheko chake, ikabidi niyarudie.

Baada ya hapo palikuwa na aya moja inayoeleza jinsi Mjomba alivyoona haya. Niliikata nikiwa bado nimeketi pale pale jikoni.