Bakapu ya Jumatano ilivyonikwamisha, na nilivyorekebisha

Diski ya seva ilikufa Jumamosi asubuhi. Sikushtuka sana: nilikuwa na bakapu kamili ya Jumapili, GB 400, na bakapu za nyongeza za kila usiku, Jumatatu hadi Ijumaa, kama GB 10 kila moja. Kurejesha kulihitaji mafaili sita kwa mpangilio. La Jumatano likagoma kufunguka, lilikuwa limeharibika. Kwa kuwa bakapu ya nyongeza hubeba tu kilichobadilika tangu bakapu iliyotangulia, Alhamisi na Ijumaa zilining'inia hewani. Nikaishia Jumanne, kazi ya siku tatu ikapotea.

Bakapu kamili kila usiku ingenirejesha kwa faili moja, ila wiki ingekula GB 2,800. Diski hiyo sina.

Nikahamia bakapu ya tofauti, ambayo kila usiku hubeba yote yaliyobadilika tangu ile kamili. Sasa narejesha mafaili mawili tu: Jumapili na la usiku wa mwisho. La Jumatano likioza, la Ijumaa halijali. Gharama yake ni nafasi: Jumatatu GB 10, Jumanne 20, hadi Jumamosi 60, jumla 210 badala ya 60 ambazo bakapu za nyongeza zingekula kwa siku hizo sita. Hapo nimehesabu mafaili tofauti kila siku. Kama ni yaleyale yanayobadilika, hayaongezeki hivyo.

Ile kamili ikiharibika, bado nimekwisha. Kwa hiyo kila Jumatatu naifungua kwenye diski ya akiba, na ya wiki iliyopita siifuti kabla ya hapo.