Nilivyopata bei ya sahani moja kabla ya kulinganisha maduka ya Kariakoo

Kikundi chetu hapa Morogoro kinakodisha viti, turubai na vyombo vya shughuli. Tulipoamua kuongeza sahani 200 za melamini na vikombe 120 vyenye visahani vyake, kazi ya kutafuta bei niliachiwa mimi. Nilipiga picha ya sahani tunayoitaka, inchi 10, nyeupe yenye ukingo wa bluu, nikaituma kwa wauzaji wa vyombo wa Kariakoo ambao namba zao tulikuwa nazo. Majibu ya watatu wa kwanza yalikuja hivi: mmoja aliandika "26", wa pili "2300", wa tatu "155 mpya kabisa".

Wote watatu walikuwa wakweli. Kila mmoja alinitajia bei kwa kipimo anachouzia yeye. Wa kwanza anauza kwa dazeni, na pale ukiandika 26 kila mtu anajua ni elfu ishirini na sita. Wa pili anataja sahani moja, ingawa hiyo moja anakupa kwa bei hiyo ukianzia dazeni. Wa tatu hafungui katoni.

Tofauti kama hizo hazinipi shida, kwa sababu zinajitangaza zenyewe. Bei mbili za kitu kilekile zikipishana karibu mara kumi na mbili, ujue mmoja kataja dazeni na mwenzake kataja moja. Hata mtoto wa darasa la nne atashtuka. Zinazoumiza ni zile zinazopishana kidogo, mara moja na nusu au mara mbili, kwa sababu hapo akili inakimbilia kusema "huyu ni rahisi, yule anatupiga" na wala haiulizi zaidi. Kwenye vikombe jambo hilo lilijitokeza, nitalifikia.

Daftari langu nililigawa hivi: bei aliyotaja, kipimo alichokitajia, kipimo hicho kinabeba ngapi, moja inasimama shilingi ngapi, na mwisho tunatoa shilingi ngapi kwa idadi yetu. Bei ambayo haijajibu safu ya pili na ya tatu niliiweka ukurasa wa nyuma. Huko zilikuwepo nyingi, hasa zilizoletwa na wanachama wenzangu: "nimesikia Mbagala zipo za 1,800". Za 1,800 ni sahani ipi, inchi ngapi, ukichukua ngapi? Mwanachama akirudi na majibu, bei yake inahamia mbele. Asiporudi, inabaki huko huko. Za Mbagala zilikuja kujulikana kuwa ni za inchi 9.

Swali nalo nililibadilisha. "Bei gani?" niliiacha. Pia niliacha kuuliza "jumla ni ngapi?", maana mfanyabiashara wa Kariakoo akisikia jumla anakutajia bei ya jumla ya kimoja, wakati wewe unataka kujua pesa zote unazotoa. Nikawa nauliza: "Nikichukua sahani 200, moja inanisimamia shilingi ngapi, na zote natoa ngapi?" Maswali mawili kwa pamoja, kwa makusudi. Akijibu yote mawili, napiga hesabu mwenyewe. Moja mara 200 isipolingana na zote, kuna kitu bado hajakisema.

Kwa wa kwanza hazikulingana. Alisema moja inasimama kama 2,170 na zote ni 442,000. Ukizidisha 2,170 kwa 200 unapata 434,000. Nikamuuliza 8,000 imetoka wapi. Akajibu, "Mama, dazeni sivunji. Mia mbili ni dazeni kumi na sita na sahani nane. Nakuhesabia kumi na saba." Kweli, dazeni 17 kwa 26,000 ni 442,000, na unaondoka na sahani 204. Bila swali la pili ningeandika 434,000 kwenye bajeti ya kikundi.

Wa pili alikuwa tayari kutoa 200 kamili: 2,300 mara 200 ni 460,000. Wa tatu, wa katoni, nilimwomba apige picha ubavu wa katoni. Katoni za vyombo kutoka China huwa na maandishi pembeni, na mstari wa kutafuta ni ule wa QTY. Yake iliandikwa QTY: 6 DOZ, yaani sahani 72. Ukigawa 155,000 kwa 72 unapata 2,153 hivi. Kwa bei ya moja ndiye alikuwa rahisi kuliko wote. Lakini katoni mbili ni sahani 144 tu, na katoni tatu ni 216 kwa 465,000. Kwa hiyo mwenye bei ndogo kuliko wote kwa sahani moja ndiye aliyetutaka tutoe pesa nyingi kuliko wote. Kama kikundi kingekuwa na mpango wa kutumia zile 16 za ziada, ningempendelea. Hatukuwa nao, na stoo yetu ni chumba kimoja tu.

Mwenzangu mmoja alinipa wazo la kuchanganya: katoni mbili kwa 310,000 na dazeni tano kutoka kwa wa kwanza kwa 130,000, jumla 440,000 kwa sahani 204. Hesabu ni sahihi. Ila unaokoa 2,000 tu, unalipa kuli mara mbili, na hakuna anayekuhakikishia kwamba bluu ya duka hili ni bluu ya duka lile. Kwenye meza ya harusi sahani zisizofanana zinaonekana kutoka mlangoni. Wazo tukaliacha.

Nikaenda mwenyewe dukani kwa wa kwanza, dada mmoja mchangamfu, na hapo kipimo kikajaribu kuteleza tena, safari hii kwenye kupatana. Nilimwomba apunguze. Akasema, "Haya, nakutolea elfu mbili."

"Kila dazeni, au kwenye mzigo mzima?"

Alicheka sana. "Mzigo mzima, mama! Kila dazeni mimi nitakula nini?"

Elfu mbili kwa kila dazeni ni 34,000. Kwenye mzigo mzima ni hizo hizo 2,000. Kama ningeitikia "asante dada" na kufungua pochi, kila mmoja angekuwa na hesabu yake kichwani hadi wakati wa kulipa, na ugomvi wa wakati huo huwa mbaya kwa sababu mzigo tayari umefungwa kamba. Tukaendelea kuvutana, tukakutana kwenye 500 kwa kila dazeni. Nikairudia kwa sauti kabla hajaanza kufunga: "Kwa hiyo dazeni moja 25,500, dazeni kumi na saba 433,500, sahani 204, na risiti ya EFD iko ndani ya bei hiyo." Akaitikia kila kipande. Sahani moja ikawa imesimama 2,125.

Sasa vikombe. Duka moja lilitaja 21,000 kwa boksi la vipande 12. Jingine lilitaja dazeni 36,000. Zote mbili zina 12 ndani yake, zote ni kikombe cheupe cha chai na kisahani chake, na tofauti ni ya 15,000. Mwanachama aliyekuwa nami alishanishika mkono twende kwenye la 21,000.

Niliomba boksi lifunguliwe. Nje liliandikwa 12PCS, na ndani mlikuwa na vipande 12 kweli: vikombe sita na visahani sita. Kiwanda kinahesabu kila kipande. Yule wa 36,000 akisema dazeni, anamaanisha vikombe 12 vikiwa vimekalia visahani vyao 12, yaani vipande 24. Hakuna aliyedanganya hapo. Ukishusha mpaka kwenye kikombe kimoja na kisahani chake, la boksi ni 3,500 na la dazeni ni 3,000. Kwa vikombe 120 ni maboksi 20, sawa na 420,000, dhidi ya dazeni 10, sawa na 360,000. Duka lililoonekana ghali lilituachia 60,000 mkononi.

Ndiyo maana kwa kitu chochote chenye mwenza, kama kikombe na kisahani, sufuria na mfuniko, birika na vikombe vyake, siku hizi sikubali neno "kipande" lipite bila kufunguliwa boksi. Namuuliza muuzaji: "Wageni wangapi watakunywa chai kwa boksi hili?" Swali hilo halina majibu mawili.

Risiti ilileta kazi ndogo ya mwisho. Mashine ilitoa mstari wa sahani unaosomeka 17 kwa 25,500. Kwa aliyekuwepo dukani iko wazi, lakini mweka hazina wetu, ambaye hakuwepo, angeona tumenunua sahani 17 na kila moja tumeilipia 25,500. Nikamwomba dada aniandikie kwa kalamu kwenye karatasi ya mzigo: dazeni 17, sahani 204, dazeni 10, vikombe 120 na visahani 120. Akapiga na muhuri wake. Karatasi hiyo nimeibana pamoja na risiti.

Mzigo ulipofika Morogoro tulifungua pakiti moja moja na kuhesabu, maana si kila pakiti inayoitwa dazeni ina 12; vijiko vya bei nafuu nimewahi kuvikuta vimefungwa kumi kumi. Sahani zilitimia 204. Ukiongeza nauli na makuli, kila sahani imetufikia kwa takriban 2,250, na kwenye karatasi ya kukodishia tumeandika kwamba sahani ikipotea au kuvunjika inalipwa 3,000, kwa moja.