Mradi wa kopo la nyanya: "friji" imenipotelea wapi?

Nataka kusoma maandishi yote ya lebo ya kopo kwa picha, kisha niyaunge yawe andiko moja. Nimetumia kopo la nyanya ya gramu 400, kipenyo sm 7.3, yaani lebo yote inazunguka karibu sm 23. Nimelisimamisha juu ya karatasi yenye mistari 8, kila mstari digrii 45, napiga picha nazungusha, napiga nazungusha. Simu iko mita moja hivi nyuma halafu nazumu, maana ukisogea karibu unapunjwa pembeni na herufi zinajikunja vibaya.

Mwanzo nilikuwa nakata digrii 60 tu za katikati kwa kila picha, si ndo kuna herufi safi. Nimefeli. Picha mbili jirani zinaingiliana digrii 15, hiyo ni sm 1 tu, neno moja halitoshi hapo, sasa utaunga nini? Nikapanua mpaka digrii 90. Pembeni kabisa herufi zinabanwa, zinabaki kama asilimia 70 ya upana wake, ila Tesseract, programu inayosoma herufi kwenye picha, bado inasoma, na sasa picha jirani zinaingiliana karibu sm 2.9.

```
tesseract 5.png 5 -l swa+eng --psm 6 tsv
```

Kuunga nilitumia `difflib` ya Python, inatafuta kipande kirefu kinachofanana kati ya picha mbili. Ikatoa hii: "Baada ya kufungua, tumia ndani ya siku 5." Sentensi safi kabisa, nikaenda kulala nimefurahi. Asubuhi nalishika kopo kutaka kupika, nasoma: "Baada ya kufungua, weka kwenye friji. Baada ya kufungua, tumia ndani ya siku 5." Friji nzima imeliwa!

Kumbe picha moja ilisoma "frlji", kwahiyo mwingiliano wa kweli ukakatika vipande viwili vifupi, programu ikaona bora ichukue "Baada ya kufungua" ya kwanza iigandishe na ya pili, zilizo katikati zikafa kimyakimya. Hili ndo baya lake, hakuna kosa linaloonekana.

Dawa niliyopata ni kuacha kuamini maneno peke yake. Faili ya `tsv` inakupa neno liko wapi kwenye picha, nami nalibadilisha kuwa pembe ya kopo:

```python
pembe = (45*k + degrees(asin((x - kati)/R))) % 360
```

`k` ni namba ya picha kuanzia 0, `x` ni katikati ya neno, `kati` ni katikati ya kopo kwenye picha, `R` ni nusu ya upana wa kopo kwa pikseli. Maneno mawili nayahesabu kuwa ni lile lile kama yapo mstari mmoja na pembe zao hazijapishana zaidi ya digrii 5, kama milimita 3 hivi. Yaliyokatwa na ukingo natupa, maana katikati yake ni ya uongo. Yakisomeka tofauti, namfuata aliyekuwa karibu na katikati ya picha yake, hivyo "friji" ikaishinda "frlji".

Hiyo `% 360` niliisahau mara ya kwanza, jina la bidhaa likatoka mara mbili, mwanzo na mwisho. Sasa limebaki moja. Kinachonisumbua bado ni ule mshono wa gundi, karatasi imepanda juu ya mwenzake na kufunika nusu ya neno, hapo hata macho yangu hayasomi.