Kabla spika haijatoka nyumbani: nilivyofuta sauti zetu

Kaka yangu anafanya kazi Dubai. Likizo moja alimletea mama spika ndogo, Echo Dot ya kizazi cha 3, akaiweka sebuleni kwake hapa Shangani, Mtwara. Aliiunganisha na waifai ya nyumbani akaisajili kwa akaunti yake mwenyewe ya Amazon, kisha akarudi kazini. Spika hiyo haijui Kiswahili, kwa hiyo tulikuwa tunaiambia mambo machache kwa Kiingereza: weka muziki, nikumbushe baada ya nusu saa, hali ya hewa ikoje. Mama alipoamua apewe mpwa wetu wa Masasi, nilisema haitoki mpaka sauti zetu zifutwe.

Mdogo wangu akashangaa. "Dada, si tuiriseti tu iishe?"

Hapo ndipo watu wengi wanapokwama. Ukiiriseti, inasahau waifai na mipangilio yako, lakini sauti hazikai ndani yake. Ikishasikia jina lake, yaani Alexa, inarekodi maneno yanayofuata na kuyatuma kwenye mitambo ya kampuni, na yanahifadhiwa katika akaunti iliyoisajili. Hata ukiivunja kwa nyundo, rekodi zipo palepale. Kwetu akaunti ilikuwa ya kaka, maana yake maneno ya sebule ya mama yalikuwa yanafunguka kwenye simu iliyoko Dubai. Kaka hana nia mbaya hata kidogo, na hakuwahi kuzifungua. Lakini mama hakuwahi kuulizwa, na hilo lilinikera.

Tulisubiri mpaka kaka aje likizo nyingine, kwa sababu sikutaka kuombana nywila na namba za uthibitisho kwa simu. Jioni moja tukakaa barazani na simu yake. Kwenye programu ya Alexa tuligusa `More`, kisha `Settings`, kisha `Alexa Privacy`, kisha `Review Voice History`. Ukurasa huo ulitupa orodha ya siku chache tu za karibuni. Kwenye chujio la tarehe tukachagua `All History`, na orodha ikarefuka kweli.

Kila mstari una maandishi ya kile mashine iliyodhani imesikia, tarehe, saa, na alama ya kubonyeza ili usikilize sauti yenyewe. Mingi ilikuwa ni yale maombi yetu ya muziki. Ila katikati yake kulikuwa na mistari iliyoandikwa `Audio was not intended for Alexa`, yaani sauti ambayo haikuelekezwa kwake. Tukabonyeza mmoja. Ilitoka sauti ya mama, wazi kabisa, akimweleza mjomba malipo ya korosho: kilo zilizopokelewa na chama cha msingi, makato, na nani anamdai. Mama alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe na haya imeyachukua?"

Tulitaka kujua kwa nini iliamka wakati hakuna aliyeiita. Jibu tulilipata kwa kusikiliza rekodi chache zaidi. Jirani ana kijana anaitwa Alex, na nyumbani kwetu huwa anaingia na kutoka siku nzima. Mtu akimuuliza haraka, "Alex, saa ngapi?" spika inasikia "Alexa". Pete ya taa inawaka bluu, inarekodi sekunde kadhaa za mazungumzo, halafu inanyamaza isipoelewa. Pete hiyo ndiyo dalili pekee unayoweza kuiona hapo hapo, na kwa mtu aliyeipa spika mgongo haimsaidii kitu.

Mwanzoni nilifikiri tutatafuta rekodi zenye jambo la siri tu na kuziacha nyingine. Haikuwezekana. Kwa kuwa lugha ya spika ilikuwa Kiingereza, Kiswahili cha mama kilikuwa kimeandikwa kama maneno ya Kiingereza yasiyo na maana, au hakikuandikwa kabisa. Hakuna mstari ulioonyesha neno korosho. Ili ujue kilichomo lazima usikilize kila kipande kwa sikio lako, na mle mna sauti za wageni waliokuja kumweleza mama shida zao. Nikaona si haki kuzisikiliza. Tukaamua kufuta zote.

Tukiwa bado kwenye `All History`, tulibonyeza sehemu ya kufuta rekodi zote na kuthibitisha. Programu ikajibu kwamba ombi limepokelewa, na kwamba wakati linashughulikiwa rekodi zinaweza bado kusikika. Kwa hiyo usione orodha bado ipo ukadhani umekosea. Sisi tuliiacha, tukaingia tena baadaye, tukachagua tena `All History` na kukuta orodha tupu. Usiangalie siku ya leo peke yake, utadanganyika.

Kufuta ya zamani hakuzuii mapya. Tulirudi `Alexa Privacy`, tukaingia `Manage Your Alexa Data`, na kwenye muda wa kuhifadhi rekodi tukachagua `Don't save recordings`. Humo humo kuna ruhusa ya kutumia rekodi zako kuboresha huduma, ambapo binadamu anaweza kusikiliza baadhi yake. Hiyo nayo tukaizima. Ieleweke kwamba chaguo la kutohifadhi rekodi haliifanyi spika iache kutuma sauti. Inatuma ili ijibu, ila rekodi haibaki kwenye historia. Anayetaka isisikie kabisa abonyeze kitufe cha maikrofoni juu yake mpaka pete iwe nyekundu.

Nilikuwa na sababu ya kukagua kwa makini. Mwaka 2023 Serikali ya Marekani iliishtaki Amazon ikidai kwamba ilihifadhi sauti za watoto kwa muda mrefu mno, na kwamba hata wazazi walipoomba zifutwe, maandishi ya maneno hayo hayakufutwa kila mahali. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 25. Kwa hiyo tuliangalia pia vitu ambavyo kufuta sauti hakuvigusi: vikumbusho na orodha ya manunuzi. Kwenye vikumbusho tulikuta tarehe za kliniki za mama na majina ya dawa zake. Hivyo tulivifuta kimoja kimoja kwa mkono.

Baada ya hapo ndipo tukaitoa spika kwenye akaunti ya kaka: `Devices`, ukachagua spika, ukaingia mipangilio yake, kisha `Deregister`. Mwisho kuriseti: unashikilia kitufe chenye alama ya nukta kwa sekunde 25, taa inageuka rangi ya machungwa, inazima, halafu inawaka tena ikisubiri mwenyeji mpya.

Mama aliuliza kuhusu simu yake, na alikuwa sahihi, maana anatafuta mambo Google kwa kuongea Kiswahili. Tulifungua `myactivity.google.com` kwa akaunti yake, tukaingia `Web & App Activity`. Kile kisanduku cha `Include voice and audio activity` kilikuwa hakina alama, kwa hiyo sauti hazikuwa zinahifadhiwa, ila maneno aliyotafuta yalikuwepo yote. Akachagua mwenyewe yajifute kila baada ya miezi 3.

Mpwa ameisajili spika kwa akaunti yake. Nilimwomba abadilishe jina la kuiita, akachagua `Echo`, kwa sababu bwenini kwao wapo akina Alex wawili.