Damu baada ya kujifungua: saa moja na nusu, kutoka kukanda kizazi hadi mshono wa B-Lynch

Mama alikuwa anajifungua mtoto wa sita. Uchungu ulikuwa umevuta saa kumi na sita, na kwa saa tano za mwisho alikuwa kwenye dripu ya oksitosini ya kuongeza uchungu. Mtoto alitoka saa 7:40 usiku, kilo 3.9. Ndani ya dakika moja nilimchoma oksitosini yuniti 10 pajani, na saa 7:48 kondo la nyuma likatoka. Hadi hapo hakukuwa na la ajabu, lakini mambo matatu yalinifanya nisitoke pembeni ya kitanda: uzazi mwingi, uchungu mrefu na mtoto mkubwa. Msuli wa kizazi uliotanuka sana na kuchoka hulegea baada ya kazi, na mishipa iliyokuwa inalisha kondo hubaki wazi. Kizazi hakizuii damu kwa kuganda tu. Huizuia kwanza kwa kujikaza, nyuzi za msuli zikaibana mishipa inayopita katikati yake.

Chini ya makalio nilikuwa nimemtandikia plastiki ya kukusanyia damu, ile yenye mfuko wa kuning'inia na mistari ya mililita. Kukadiria damu kwa macho hudanganya, tena hudanganya upande mmoja: karibu kila mara tunakadiria pungufu, hasa damu ikinyonywa na kanga na mashuka. Jaribio la E-MOTIVE, lililofanyika Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2023, lilitumia plastiki kama hiyo pamoja na tiba zinazotolewa kwa mkupuo mmoja. Matokeo mazito ya kutokwa damu yalipungua kwa asilimia 60. Kanuni niliyoifuata usiku ule ni ya huko: soma mfuko, mapigo, presha na ugumu wa kizazi kila dakika 15 katika saa ya kwanza. Ikifika mililita 500, anza tiba. Ikifika 300 na kuna dalili moja isiyo ya kawaida, anza pia.

Saa 7:55 mfuko ulisoma 350. Mapigo 104, presha 110 kwa 70. Presha hiyo ukiitazama peke yake utasema mama yuko salama. Gawanya mapigo kwa presha ya juu: 104 kwa 110 ni karibu 0.95. Ikivuka 0.9, mwili umeshaanza kufidia damu iliyopotea. Mama mwenye afya hushikilia presha yake kwa muda mrefu, kisha huporomoka ghafla, kwa hiyo anayeisubiri presha ishuke amechelewa. Nilipiga kengele.

"Sista, damu imevuka mia tatu na kizazi ni laini. Leta trei ya dharura, na umwite daktari sasa hivi."

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa tayari tumboni. Kukanda si kusugua ngozi. Unakitafuta kilele cha kizazi karibu na kitovu, unakizungushia kiganja kilichokunjwa kama bakuli, na unakikanda kwa duara mpaka kiwe kigumu kama mpira. Kikishakuwa kigumu, unakisukuma taratibu kuelekea chini ili mabonge ya damu yatoke, kwa sababu bonge lililobaki ndani hukizuia kujikaza. Usimsukume mama kizazi kikiwa bado laini, kinaweza kugeuka nje. Dakika moja ya kukanda inatosha kujua kama kinaitika. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu mmoja kukanda dakika kumi huku dawa ziko trei. Mambo haya huenda pamoja, si kwa foleni.

Wakati nakanda, sista aliweka kanula mbili nene, geji 16, akachukua damu ya kundi na ya kulinganisha. Oksitosini yuniti 10 iliingia ndani ya selaini kwa dakika 10, ikafuatwa na yuniti 20 katika lita moja ya kwenda saa nne. Haisukumwi yote mara moja mshipani, maana hutanua mishipa na kuangusha presha ya mtu ambaye tayari amepungukiwa damu. Sambamba nayo tulimpa asidi ya traneksamiki gramu 1 mshipani, polepole kwa dakika 10. Dawa hii haikazi kizazi. Inazuia mwili kuyeyusha damu iliyokwisha kuganda, na haina maana kuianza zikishapita saa 3 tangu kujifungua. Tahadhari moja: iwekwe mbali na dawa ya ganzi ya mgongo. Vichupa hufanana, na traneksamiki ikichomwa uti wa mgongo huua.

Kisha katheta ya mkojo. Ilitoka mililita 600. Kibofu kilikuwa kimejaa na kukisukuma kizazi juu na pembeni, na hapo nusu ya kazi yangu ya kukanda ilikuwa inapotea. Ningepaswa kukitoa mkojo kabla mtoto hajatoka.

Baadaye kidogo ndipo nilitafuta chanzo kingine, na hapa watu hukosea kwa sababu wamekwisha kuamua kuwa ni kulegea tu. Kulegea ndicho chanzo kikubwa kuliko vyote, lakini mama mmoja anaweza kuwa na viwili. Kondo nililitandaza kwenye trei, upande wa mama juu, nikaunganisha vipande vyake: vyote vilikuwepo. Nikaangalia utando, kama kuna mshipa unaofika ukingoni na kukatika, ishara ya kipande cha ziada kilichobaki ndani. Haukuwepo. Halafu spekulamu na koleo mbili zenye ncha za duara, nikashika mlango wa kizazi na kuuzunguka hatua kwa hatua, koleo moja ikifuata nyingine, kama mshale wa saa. Hakuna mchaniko. Alama ya mchaniko ni damu nyekundu inayotiririka bila kukoma ilhali kizazi ni kigumu. Huyu damu yake ilikuja kwa mawimbi, kila kizazi kilipolegea.

Tuliacha pia mililita 5 za damu kwenye chupa ya kioo isiyo na dawa, sista akaishika kiganjani ipate joto. Isipoganda kwa dakika 7, au ikiganda laini na kuvunjika ukiinamisha chupa, damu imepoteza uwezo wa kuganda na kushona tu hakutamponya. Yake iliganda dakika ya 5.

Saa 8:10 mfuko ulisoma 800. Mapigo 118, presha 98. Tulikuwa na dripu inayokwenda, lakini kizazi kilikaza kwa sekunde chache na kulegea tena. Mama aliyepewa oksitosini kwa saa nyingi wakati wa uchungu mara nyingi huiitikia kidogo, vipokezi vyake vimechoka nayo. Anahitaji dawa ya njia nyingine, na mapema. Ergometrini miligramu 0.2 ingefaa, lakini hupandisha presha, na kadi yake ya kliniki ilionyesha presha ya 150 kwa 95 katika wiki za mwisho. Presha iliyoshuka kwa kutokwa damu haifuti historia hiyo. Nilimwekea misoprostoli vidonge vinne vya mikrogramu 200 chini ya ulimi.

Daktari akaanza kubana kizazi kwa mikono miwili: ngumi moja ndani ya uke, mbele ya mlango wa kizazi, na mkono wa pili tumboni ukikunja kizazi kutoka nyuma kukileta juu ya ngumi. Inachosha na inamuumiza mama, kwa hiyo tulimweleza kabla na tukampa dawa ya maumivu. Lakini damu ilipungua mara moja, na hiyo ndiyo ilitupa muda. Nilipiga simu thieta wakati huo huo, kabla ya puto, ili wafungue na kuandaa damu. Kuita thieta kisha usiihitaji si hasara.

Puto la kondomu ni hivi: kondomu inavalishwa kwenye katheta ya Foley, inafungwa kwa uzi imara, inaingizwa hadi ndani ya kizazi, na kujazwa selaini safi mpaka damu ipungue, kwa kawaida mililita 250 hadi 500. Tulijaza 400. Puto haliingizwi kama bado kuna kipande cha kondo au mchaniko ambao haujashonwa, na kwangu mimi si mahali pa kupumzika. Ninalipatia dakika 15. Likishika, hukaa hadi saa 24, chini ya uangalizi na dawa za kuzuia maambukizi. Likishindwa, tunaingia thieta. Kituo kisicho na thieta kiendelee kubana kwa mikono na kumsafirisha mama huku anabanwa, bila kusubiri jibu la puto.

Saa 8:40: 1,300. Mapigo 132, presha 84. Dozi ya pili ya traneksamiki ilikuwa inaingia, nusu saa na zaidi kutoka ya kwanza, na chupa ya kwanza ya damu iliunganishwa. Puto lilikuwa limeshindwa.

Daktari wa usingizi alichagua ketamini. Ganzi ya mgongo hutanua mishipa ya miguu, na mama huyu hakuwa na damu ya kuijaza. Miguu iliachwa wazi kidogo ili mtu aone ukeni. Baada ya tumbo kufunguliwa, mpasuaji alikikunja kizazi kwa mikono miwili na kuuliza, "Damu ipo?" Ilikuwa imekoma. Hilo ndilo jaribio: kikibanwa kwa mkono kikanyamaza, mshono wa kubana una nafasi kubwa ya kufaa. Isingekoma, angeenda moja kwa moja kufunga mishipa ya kizazi pande zote mbili au kukitoa.

Alifungua sehemu ya chini ya kizazi, akatoa mabonge, akahakikisha ndani hakuna kitu. Mshono wa B-Lynch, ulioelezwa mwaka 1997, unapita kama mikanda ya begi: sindano inaingia sentimita 3 chini ya mkato, inatoka sentimita 3 juu yake, uzi unapanda juu ya kilele, unashuka nyuma, unashona ukuta wa nyuma kwa mlalo, kisha unarudi upande wa pili. Msaidizi anakikunja kizazi wakati wa kukaza fundo. Asipokunja, uzi utakata msuli. Uzi uwe wa kuyeyuka, kwa sababu kizazi kitasinyaa, na uzi usioyeyuka hubaki kitanzi ambacho utumbo unaweza kunaswa.

Damu ilikoma saa 9:20. Jumla ilikuwa kama mililita 2,000, na alipokea chupa tatu. Mpasuaji alikuwa amesema tangu mwanzo: kama mshono na kufunga mishipa visingetosha, angetoa kizazi kabla damu haijaacha kuganda, akiacha mlango wake ili kuokoa muda, isipokuwa damu iwe inatoka huko chini.

Kwa saa 24 tulihesabu mkojo kila saa, tukitaka angalau mililita 30, tukapima mapigo na urefu wa kizazi. Siku ya tano, alipokuwa anaondoka, niliandika kwenye kadi yake kwa wino mwekundu: kutokwa damu nyingi kwa kulegea kwa kizazi, mshono wa B-Lynch, mkato kwenye kizazi, mimba ijayo ajifungulie hospitali yenye thieta na damu. Nikamsomea yeye na mume wake maneno yote, moja moja.